Rejista ya Darasa la Sita

Mwanzoni mwa Juni 2009 mwalimu wangu wa darasa la sita aliniita mezani kwake, akafungua rejista na kuweka kidole kwenye jina langu. Siku zote nilizochelewa muhula ule alikuwa amezizungushia wino mwekundu. Nilidhani najua kinachofuata. Mwaka mmoja kabla yake nilikuwa nimerudishwa darasa kwa ajili ya huko kuchelewa, na mwalimu aliyenirudisha aliniambia mbele ya wenzangu kwamba kichwa changu kimeumbwa cha kubebea beseni. Basi nikanyoosha kiganja nichapwe.

"Shusha mkono," akasema. "Njoo upande huu utazame pamoja nami."

Nikazunguka meza. Duara nyekundu zilikuwa zimekaa kwa mafungu: siku mbili tatu mfululizo, kisha wiki nzima na zaidi hakuna hata moja, kisha fungu jingine. Akageuza ukurasa wa nyuma yake, na huko nako mafungu ni yale yale.

"Mvivu huchelewa ovyo ovyo," akasema. "Wewe wachelewa kwa zamu. Kuna nini?"

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza. Nikamweleza. Tulikuwa tukikaa Mtongwe, ng'ambo ya kusini ya bandari ya Kilindini, Mombasa, na mamangu alikuwa akikaanga samaki na kuwauza jioni kando ya barabara. Samaki wenyewe alikuwa akiwanunua pwani kwa wavuvi wa mitumbwi, na mimi ndiye niliyekuwa nikishuka na beseni kuwasubiri. Pale kwetu maji yakipwa hubaki tope na mawe, mtumbwi haufiki karibu. Wavuvi huingia maji yakiwa yamejaa. Sasa, yakijaa alfajiri mapema, nilikuwa nawahi kupata samaki, kupeleka nyumbani, kuoga na kufika shule kabla ya kengele. Yakijaa adhuhuri, kazi hiyo haikuwa yangu. Lakini kila baada ya wiki mbili hivi zilikuja siku maji yalipojaa kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu asubuhi, na siku hizo hata nikimbie vipi kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha nipita.

Alisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni mtu wa Wundanyi, amekulia kwenye milima ya Taita, na baadaye aliniambia kwamba mpaka siku ile alidhani maji ya bahari hujaa saa zile zile kila siku. Akaniuliza, "Utachelewa lini tena?"

Nikahesabu kwa vidole. "Mwezi utakuwa mpevu Jumapili hii. Kwa hivyo Alhamisi na Ijumaa ya wiki ijayo. Labda na Jumatano kidogo."

"Umejuaje?"

Neno hilo nilikuwa nimelisikia mara nyingi, lakini likisemwa kumnyamazisha mtoto. Yeye alikuwa anataka jibu. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikamwambia alivyonifundisha babu: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua, yaani hujaa sana na kupwa sana, na kwetu hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni. Kutoka hapo kila siku yanachelewa kidogo, mpaka baada ya wiki moja yafikie kujaa saa nne au saa tano, na hapo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kisha yanarudi tena kwenye bamvua. Akaandika yote nyuma ya rejista. Wiki iliyofuata, Jumatano nilifika nikihema lakini nimewahi, na Alhamisi na Ijumaa nilichelewa. Ijumaa alipokuwa akitia duara la pili alinitazama, akatikisa kichwa pole pole kama mtu aliyepokea barua aliyokuwa akiingoja.

Najua watu hupenda kusimulia kwamba mwalimu fulani "aliniamini," na mara nyingi humaanisha alisema maneno mazuri. Huyu wangu hakusema maneno mazuri. Sikumbuki hata siku moja akiniambia nina akili. Alichofanya ni kuchukua kalenda ya muhula, kunikalisha wakati wa mapumziko, na kunifanya niandike siku zote nitakazochelewa mpaka shule ifungwe. Zilikuwa chache kuliko nilivyodhani, mbili au tatu kwa kila fungu. Kisha akaja nyumbani kuongea na mamangu, na wakapatana: siku hizo nitaruhusiwa kuingia baada ya kipindi cha kwanza, na hicho kipindi, ambacho kilikuwa hesabu, atanifundisha saa ya chakula. Akatimiza. Tulikuwa zaidi ya sabini darasani, na saa ya chakula ndiyo saa pekee aliyokuwa akikaa chini.

Likizo ya Agosti ilipokaribia akanipa daftari la mistari na karatasi za grafu. "Nataka kujua maji ya kwenu yanajaa saa ngapi, siku baada ya siku, mwezi mzima. Babu yako anasema yanachelewa kidogo. Kidogo ni dakika ngapi?"

Mamangu hakutaka. "Huyu mtoto yuwataka nini na maji saa hizi zote?" alikuwa akisema, na nyuma ya maneno hayo kulikuwa na hofu ambayo mtu wa Mtongwe hahitaji kuelezwa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka kwenye mkondo ule ule, na watu 272 wakafa. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nimekulia katika nyumba ambayo mtoto akikawia pwani mtu huvaa viatu kumfuata. Mwalimu hakubishana naye. Walikubaliana nitasoma kutoka juu ya ukuta wa mawe, miguu mikavu, na babu awepo karibu.

Babu akapaka alama kwenye nguzo moja ya zege iliyobaki kwenye gati bovu, kwa rangi ya mtumbwi iliyosalia koponi, kila sentimita kumi mstari mmoja. Tulikuwa tumejaribu chaki kwanza, na bamvua la siku moja likaifuta. Nikaanza kazi nikidhani ni rahisi: tazama maji, yakifika juu kabisa, tazama saa.

Hayafiki hivyo. Mtu aliyewahi kukaa akiyatazama anajua. Maji yakikaribia kujaa hupunguza mwendo, yakasimama, na huko kusimama kunaweza kuchukua nusu saa bila wewe kuona tofauti yoyote kwenye nguzo, tena vijiwimbi vinapanda na kushuka juu ya mstari. Siku ya kwanza niliandika saa tatu tofauti na kuzifuta zote. Nikamwendea Mwalimu, aliyekuwa amepanga chumba Likoni, nikamwambia haiwezekani kujua maji yamejaa saa ngapi. Alifikiri sana. Kisha akaniuliza kama ni rahisi kujua maji yanapita mstari saa ngapi yakiwa bado yana mwendo.

"Hiyo ni rahisi."

"Basi usingoje kilele. Andika saa yanapopita mstari yakipanda. Keti. Andika saa yanapopita mstari ule ule yakishuka. Katikati yake ndiyo saa yako."

Nitatoa mfano wa siku ninayoikumbuka vizuri, ile Ijumaa ya Agosti ambayo kesho yake tulianza kufunga Ramadhani. Jioni maji yalipita mstari wa 19 yakipanda saa tisa na dakika 40. Yakaupita tena yakishuka saa kumi na dakika 50. Kati ya hizo mbili kuna dakika 70, nusu yake 35. Kwa hivyo maji yalijaa saa kumi na robo. Mwezi mpya, saa kumi na robo. Babu alicheka mpaka akakohoa, kwa sababu yeye alikuwa amesema "saa kumi" maisha yake yote bila kuvaa saa. Na vile vijiwimbi Mwalimu alinifundisha kuvishinda kwa subira tu: usiandike wimbi la kwanza likigusa mstari, ngoja mpaka mstari uwe unafunikwa na kufunuliwa sawa kwa sawa.

Nimefika mahali ambapo ningependa kupaharakisha, lakini bila hapa barua hii ya shukrani haina kitu.

Ijumaa ya tarehe 14, wiki moja kabla ya hiyo ya Ramadhani, mamangu alinichukua Kongowea kununua vitunguu na mafuta. Tuliondoka usiku, tukavuka feri, na foleni ya kurudi ikatuweka Likoni mpaka karibu adhuhuri. Nilipofika pwani maji yalikuwa yanashuka zamani. Daftari langu lilikuwa na safu nzuri isiyo na pengo, na nilikuwa nalionea fahari. Mwalimu alikuwa ametuambia darasani kwamba kwa wastani maji huchelewa dakika 50 kila siku, kwa sababu mwezi nao huchelewa hivyo. Alhamisi yalikuwa yamejaa saa mbili na dakika 14. Nikaongeza 50. Nikaandika Ijumaa: saa tatu na dakika 4. Hata wino niliubadilisha kidogo, nikaandika kwa haraka, ili ionekane imeandikwa juu ya ukuta.

Septemba tuliporudi shuleni alinikalisha nichore grafu mwenyewe, tarehe chini, saa pembeni. Nukta zikapanda vizuri. Nilipoimaliza, hakutazama nukta. Alichukua daftari akaanza kutoa: saa ya leo, toa ya jana.

Jumatano mpaka Alhamisi, dakika 68. Alhamisi mpaka Ijumaa, 50. Ijumaa mpaka Jumamosi, 95, kwa sababu Jumamosi nilikuwepo na yalijaa saa nne na dakika 39. Jumamosi mpaka Jumapili, 72.

"Bahari ilipumzika Ijumaa," akasema, "halafu Jumamosi ikakimbia kufidia?"

Nikanyamaza.

"Jumlisha 50 na 95."

"Mia moja arobaini na tano."

"Gawa kwa mbili."

Sabini na mbili na nusu. Ingekaa vizuri kando ya 68 na 72. Bahari haikuwa imepumzika wala kukimbia. Ilikuwa imeendelea na mwendo wake, na mimi ndiye niliyepiga nukta mahali ambapo haikupita. Jambo ambalo sikulijua wakati ule, na ambalo lilinisaliti, ni kwamba zile dakika 50 ni wastani wa mwezi mzima tu. Karibu na bamvua maji huchelewa chini ya hapo, dakika 40 au hata kidogo zaidi ya nusu saa. Karibu na maji mafu huchelewa zaidi ya saa nzima. Tarehe 14 ilikuwa imekaribia maji mafu. Nilichagua namba ya kweli nikaiweka siku isiyo yake.

Nililia. Sikulia kwa kuogopa kiboko, maana nilikuwa nimekwisha jua kwamba kwake hakuna. Nililia kwa sababu nilidhani sasa atalifunga daftari lote. Yeye alichukua rula na kalamu nyekundu ile ile ya rejista, akakata namba yangu kwa mstari mmoja mwembamba, namba ikiwa bado inasomeka, na pembeni akaniambia niandike kwa mkono wangu: "Sikuwepo. Nilikwenda Kongowea." Kisha akanifanya niifute ile nukta kwenye grafu na kuacha nafasi tupu.

"Siku nyingine ishirini na nane ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi nina siku ishirini na nane." Akalichukua daftari kama lilivyo, na mkato wake na pengo lake, akalipeleka kwa mwalimu mkuu, akasema kwamba mtoto wa darasa la sita amepima maji ya Mtongwe. Hakusema kwamba mtoto huyo aliwahi kurudia darasa.

Yaliyofuata nitayapita mbio. Mtihani wa darasa la nane mwaka 2011 nilipata alama 371 kati ya 500. Sekondari kulikuwa na karo za kutafutwa, na chuo kikuu kulikuwa na karo zaidi. Wako wengi walionisaidia, nao nina deni lao. Lakini waliokuja baadaye wote walinikuta na vyeti. Huyu alinikuta na duara nyekundu.

Sasa niko Liverpool, nasomea kimo cha bahari. Mto wao, Mersey, una maji ambayo mara ya kwanza yalinitia hofu: bamvua kubwa linaweza kupanda karibu mita kumi kutoka kupwa hadi kujaa, wakati kwetu Kilindini hata likiwa kubwa sana ni kama mita nne. Kwenye jengo moja hapa kuna mashine ya zamani ya shaba, imejengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, yenye magurudumu na kapi 42, kila moja ikizunguka kwa mwendo wake, na uzi mmoja unaozipitia zote na kuzijumlisha. Ndiyo iliyokuwa ikipiga hesabu za maji kujaa na kupwa kabla ya kompyuta. Gurudumu moja ni la mwezi, duru yake saa 12 na dakika 25. Jingine ni la jua, saa 12 kamili. Yakienda pamoja ni bamvua, yakipingana ni maji mafu. Nilipooneshwa hayo mawili nilimwona babu na vidole vyake. Hata ule mchezo wa dakika 40 na dakika 70 ulionisaliti umo mle, kwenye kupishana kwa magurudumu mawili.

Hapa mjini ndipo pia kilipo kituo cha PSMSL, kinachokusanya rekodi za kimo cha bahari kutoka nchi nyingi tangu mwaka 1933. Mombasa imo. Wiki yangu ya tatu mwalimu wangu wa hapa aliniambia nichague bandari yoyote ya kufanyia mazoezi, nami nikafungua faili letu. Ni safu tu, mwaka na wastani wa kimo kwa kila mwezi. Nikateremka nayo, namba za milimita elfu saba na kitu, mwezi baada ya mwezi, mpaka nikakuta hii:

```
-99999
```

Na chini yake nyingine. Na nyingine. Mwanafunzi aliyekaa karibu nami aliniambia nisishtuke, hiyo si kimo cha bahari, ni alama ya mwezi ambao kipimo hakikusomwa au hakikutosheka. Mashine huharibika, au bomba huziba kwa taka. Imewekwa namba isiyowezekana kabisa ili asitokee mtu akaijumlisha kwa bahati mbaya.

Niliomba ruhusa nikatoka nje. Nilisimama kwenye ngazi, kwenye baridi, nikampigia simu Mwalimu wangu wa darasa la sita. Ilikuwa jioni kwao, na nyuma yake nilisikia sufuria. Nikamwambia kwamba huku wana namba maalumu ya kusema "sikuwepo, nilikwenda Kongowea." Alinyamaza kidogo. Kisha akataka nimsomee, tarakimu moja moja, akaiandika.

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani. Amestaafu, anakaa Likoni bado, goti moja linamsumbua. Nilimletea grafu ya Mombasa niliyoichora mwenyewe, mistari imekatika katika kila mwezi uliokosekana, na sikuziunga sehemu hizo hata kwa nukta nukta. Aliipitisha kidole pole pole, na kila penye pengo alisimama, akauliza palitokea nini, nami nikamjibu pale nilipojua.

Jioni tukashuka Mtongwe. Gati limezidi kubomoka lakini nguzo ipo, na mistari miwili mitatu ya rangi ya babu, Mungu amrehemu, bado inaonekana ukiitafuta. Tuliketi juu ya ukuta. Maji yalipofunika mstari wa juu, akiwa yeye ndiye mwenye saa, alisema kwa sauti saa na dakika, nami nikaandika. Mamangu akatuletea chai ya tangawizi na mahamri, akaweka sinia kati yetu, naye akaketi. Hakuna aliyesema tuondoke. Tulikuwa na nusu ya kwanza tu, na maji yalikuwa bado hayajarudi kwenye mstari.